Kona Tulivu ya Dukani



Kila Novemba inapokaribia, mwezi wa mtihani wa kidato cha nne, maduka ya vifaa vya shule huvutana kwa matangazo. Duka moja la mtaani kwetu limekuja na jipya. Mzazi akinunua kalamu, penseli, rula, kifutio na seti ya jometri kwa pamoja, mtoto anaruhusiwa kujisomea kwenye kona tulivu nyuma ya duka, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, mpaka mtihani uishe. Tangazo linawaita hasa wanafunzi wenye wasiwasi.

Utulivu ni jambo jema, maana nyumba zetu tunazijua. Lakini muulize mwanao atafanya nini pale. Mtoto mwenye hofu hupenda kurudia daftari lile lile, kwa sababu kuona anayoyafahamu humtuliza. Siku ya mtihani daftari halipo, na kuyatoa kichwani hajazoea. Basi aende na mtihani wa miaka iliyopita na saa ya mkononi, madaftari abaki nayo mkobani. Hisabati ni saa tatu. Kwa saa mbili afanye theluthi mbili ya maswali, kisha ndipo afungue daftari kusahihisha.

Binti mmoja wa jirani alianza hivyo, na siku ya kwanza vidole vikamfa ganzi, moyo ukaenda mbio. Mama yake alidhani ni ugonjwa wa moyo. Nilipomtazama alikuwa anapumua haraka haraka, juu juu. Anayepumua hivyo hutoa hewa ya kaboni kupita kiasi, na ndiyo maana vidole na midomo huchonyota. Nilimfundisha kuvuta pumzi kwa pua akihesabu hadi nne, na kuitoa polepole hadi sita, kwa dakika tatu hivi. Kisha aanze na swali analoliweza, hata kama ni la saba. Baada ya wiki moja ganzi ilikuwa ikimjia bado, ila alijua la kufanya na kalamu haikusimama.

Hapa niseme kama muuguzi: si kila tumbo la msimu wa mtihani ni woga. Tumbo la woga huja asubuhi ya jaribio na kupungua likishapita, wala halina homa. Kipimajoto kikionyesha 38 au zaidi, mpeleke akapimwe malaria siku hiyo hiyo.

Kabla ya kulipa, pita pale jioni moja uone nani anasimamia kona, na mtoto atarudi na nani giza likiingia. Na hiyo seti ya jometri ifungue hapo hapo, uchore duara moja kwa bikari. Skrubu ikiwa legelege, mstari hautakutana ulipoanzia. Mwambie muuzaji akubadilishie.