JIKONI KWETU: Sigiri moja, sufuria tano, na vyote viive vya moto

 

Mwezi huu ninaanza na aibu yangu mwenyewe. Krismasi moja nilipika wali kwanza, kwa sababu watoto wanaupenda na nilitaka kuwa na uhakika nao. Halafu nyama ikachelewa, maharage yakagoma kulainika, na sombe ikangoja zamu. Tulikula saa kumi na moja jioni. Wali ulikuwa baridi na umegandamana kama matofali, na koko yetu alikuwa ameshalala na njaa. Chakula hakikupungua, na makaa yalikuwepo. Kilichokosekana ni mpango, kwani sigiri ni moja na nilikuwa naipigania kama watu wanavyopigania bomba la maji.

Tangu siku ile nimejifunza jambo moja: usianze kuhesabu kutoka asubuhi. Anza na saa ya kula, halafu rudi nyuma. Tuchukue mfano wa familia ya watu kumi hapa Lobule, Koboko, inayotaka kula saa 8:00 mchana, baada ya ibada. Wanapika maharage kilo moja, nyama ya mbuzi kilo mbili, sombe, wali wa kilo moja na nusu, na ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, ule ambao wenyeji wa Arua wanauita enyasa. Wana sigiri moja tu.

Jiulize kwanza: ni chakula gani kinavumilia kungoja? Maharage na nyama yenye mchuzi vinavumilia sana. Sufuria ikijaa, joto linakaa humo muda mrefu, na ukiviwasha tena havipotezi utamu. Sombe nayo inangoja vizuri. Wali unaweza kumalizikia mbali na moto kabisa. Lakini ugali haungoji mtu, kwa sababu ukipoa unakuwa mgumu, na ukiupasha unaharibika. Kwa hiyo ugali ni wa mwisho kila mara.

Sasa tunahitaji msaidizi, naye ni kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa au boksi imara la karatasi. Jaza chini nyasi kavu au nguo kuukuu zilizoshindiliwa, unene wa kiganja, na pande zote pia. Katikati acha nafasi ya kutosha sufuria tu, kisha andaa mto au blanketi la kufunika juu. Sufuria iingie ikiwa bado inatokota, kifuniko kikiwa kimebana, na iwe imejaa angalau nusu na zaidi, kwani sufuria yenye chakula kidogo inapoa haraka. Ukishafunika, usifungue kuchungulia. Kila ukifungua, unatoa joto ulilolilipia kwa makaa. Tengeneza vikapu viwili, na vifanye siku moja kabla.

Jioni ya tarehe 24, chambua maharage na uyaloweke kwenye maji mengi. Chambua mchele. Jaza maji kwenye madumu. Hakuna kazi hapa inayotaka moto, na ndiyo maana inafanywa leo.

Saa 12:00 asubuhi ya tarehe 25, washa sigiri nje, mahali penye hewa. Tafadhali usipike kwa makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama kuna upepo. Moshi wa makaa una sumu isiyo na harufu, na huua watu wakiwa wamelala. Chemsha chai kwanza, watu wapate kitu.

Saa 12:30, mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya, na bandika maharage. Yachemke kwa nguvu, mfululizo, mpaka saa 1:30. Hiyo saa moja usiipunguze. Maharage mekundu yasiyochemka vizuri yana kitu kinachotapisha na kuharisha, na kikapu peke yake hakiwezi kukiondoa. Kumbuka pia kwamba Arua iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, na maji yetu yanachemka kwa joto dogo kidogo kuliko kule pwani, kwa hiyo maharage hapa yanachukua muda zaidi. Saa 1:30 ondoa sufuria na uiingize kikapu cha kwanza. Hapo unayaacha yajipike.

Wakati huohuo nyama iwe imefika. Kama hatuna friji, mbuzi anunuliwe au achinjwe asubuhi hiyohiyo, si jana. Saa 1:30 bandika nyama na chumvi, tangawizi na kitunguu, ichemke taratibu mpaka saa 3:00. Mbuzi mzee bado atakuwa mgumu kidogo, lakini usiogope, maana atalainika kapuni. Saa 3:00 nyama inaingia kikapu cha pili ikitokota. Vijana, ninyi mkatwange majani ya muhogo sasa, wakati moto una kazi yake. Majani yaliyotwangwa na kukaa saa kadhaa yanapunguza ile sumu ya muhogo.

Sasa funika makaa kwa majivu, na familia nzima iende ibadani. Angalia, hakuna mama aliyebaki nyuma kulinda sufuria. Hilo tu linatosha kunifurahisha.

Saa 5:00 mnarudi. Fukua makaa, ongeza kidogo, na subiri yashike. Chemsha birika la maji uyaweke kwenye chupa ya chai, kifuniko kikazwe. Maji haya ya moto yatakuokoa baadaye, utaona. Saa 5:15 bandika sombe kwenye maji, bila kifuniko. Bila kifuniko, narudia, kwa sababu sumu ya majani hayo inaondoka na mvuke. Saa nzima iwe hivyo. Saa 6:15 weka mafuta ya mawese, kitunguu na chumvi, na uache ichemke taratibu mpaka saa 6:45. Halafu iepue, ifunike na uizungushie blanketi.

Saa 6:45 ni zamu ya wali. Kaanga kitunguu, weka mchele, kisha mimina maji ya moto kutoka kwenye chupa. Kwa kuwa wali unakwenda kapuni, ambako mvuke hautoki, usiweke maji mengi. Kikombe kimoja cha mchele, kikombe kimoja na nusu cha maji. Ukichemka kwa nguvu na maji kuanza kufikia mchele, funika. Hapo ni kama saa 7:05. Toa maharage kwenye kikapu cha kwanza na uingize wali. Usiufungue mpaka saa ya kula.

Sasa ongeza makaa, mapema. Hapa ndipo wengi tunakosea. Makaa meusi yakiingia, moto unashuka kwanza, halafu unapanda baada ya dakika kumi hivi. Ukingoja ugali ndipo uongeze, umechelewa. Moto wa kupanda utumike kwa maharage, moto mkali ubaki kwa ugali.

Saa 7:05 bandika maharage. Bonyeza punje moja kwa vidole, na kama inaponda bila kokoto ndani, yameiva. Kama bado, yaache yachemke zaidi, na ugali usogee mbele. Weka nyanya na kitunguu kilichokaangwa, yatokote vizuri. Saa 7:20 epua, ufunike. Toa nyama kwenye kikapu cha pili na uibandike, na maharage yachukue nafasi yake kapuni. Nyama iongezewe viungo, nayo itokote kabisa mpaka saa 7:35. Chakula kilichokaa kapuni saa nyingi lazima kitokote tena kabla ya kuliwa, kwa sababu uvuguvugu ndiyo kitanda cha vijidudu. Dalili ya usalama ni rahisi: ukifungua kifuniko, chakula kiwe kinatokota na mvuke utoke. Kama hautoki, rudisha motoni.

Saa 7:35 nyama inaepuliwa, inafunikwa. Maji ya ugali yabandikwe kwa moto mkali. Hapa nina siri ndogo ya koko yangu: wakati maji yanachemka, weka sufuria ya sombe juu yake kama kifuniko. Mvuke wa maji unaipasha sombe bila kutumia moto mwingine. Kama ukiona haitoshi, ibandike yenyewe dakika tano. Maji yakichemka, songa ugali, na saa 8:00 unaupakua. Koko kwanza, kisha watoto, kisha wengine.

Kwa hiyo ukutani unaweza kuandika hivi:
12:30 maharage, 1:30 maharage kapuni, nyama motoni, 3:00 nyama kapuni, 5:00 maji ya chupa, 5:15 sombe, 6:45 wali, 7:05 wali kapuni, maharage motoni, ongeza makaa, 7:20 nyama, 7:35 ugali, 8:00 kula.

Je, kitu kikichelewa? Usisogeze kila kitu. Sogeza saa ya kula na ugali tu, maana vingine vinavumilia. Mvua au upepo ukivuruga sigiri, ni dakika ishirini, na hakuna aliyekufa. Lakini kama saa 7:05 umeona maharage bado magumu sana, usiyapeleke mezani kwa aibu ya wageni. Yaondoe kwenye orodha, yaendelee kuchemka baada ya ugali, yaliwe jioni yakiiva. Sahani yenye vitu vinne vya moto ni bora kuliko vitano vya baridi.

Ndugu Waislamu, mpango huu unakwenda na Idi pia: badala ya wali mweupe fanya pilau, na badala ya ibada ya saa 3:00 weka swala ya asubuhi. Hesabu inabaki ileile, kutoka saa ya kula kurudi nyuma.

Kabla sijasahau: fanya jaribio la kikapu siku ya kawaida, kwa maharage ya jioni. Utajua kama kikapu chako kinashika joto, na hutajifunza hilo wageni wakiwa uani.

Tukutane mwezi ujao, na sufuria zenu zitoe mvuke.