Ng'ombe Yupi Anayekula Faida ya Nyumba?

Wiki hii tuingie zizini. Familia nyingi za Garissa, hasa katika mitaa iliyouzunguka mji kandokando ya Mto Tana, hufuga ng'ombe wachache au mbuzi nyuma ya nyumba. Aghalabu mama wa nyumba ndiye anayekama, anayeuza maziwa na anayejua bei ya mzigo wa nyasi. Ukimwuliza ng'ombe wake bora ni yupi, atakuonyesha bila kusita yule anayejaza chombo. Jawabu hilo huenda likawa ndilo kosa lenye gharama kubwa kuliko yote nyumbani mwake.

Chombo kinachojaa leo hakielezi mnyama huyo alikaa siku ngapi mwaka uliopita akila bila kukamwa. Mfugaji anayehama na mifugo yake hulishiwa na ardhi. Anayekaa mjini hununua nyasi, hulipa maji na humlipa mchungaji, na gharama hizo hazisimami ng'ombe anapokauka. Kwa hiyo mizani ya haki ni kumhesabia ng'ombe tangu siku aliyozaa hadi siku atakayozaa tena, na hesabu hiyo haiwezekani bila tarehe zilizoandikwa.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye ng'ombe wawili, Mweupe na Mwekundu. Bei tutakazotumia ni za kufundishia, nawe utaweka za kwako. Tuseme kila ng'ombe hugharimu shilingi 130 kwa siku, na lita moja ya maziwa ni shilingi 100.

Mweupe ndiye fahari ya nyumba. Alipozaa alitoa lita 4 kwa siku kwa wastani, na akakamwa siku 210. Jumla ni lita 840, sawa na shilingi 84,000. Mwekundu alitoa lita 3 tu kwa siku, akakamwa siku 240, jumla lita 720, sawa na shilingi 72,000. Mpaka hapo Mweupe amemshinda mwenzake.

Sasa tufungue tarehe. Mwekundu alizaa tena baada ya siku 400. Gharama yake kwa muda huo ni shilingi 52,000, basi amebakisha shilingi 20,000 pamoja na ndama. Mweupe alikaa siku 660 ndipo akazaa tena. Gharama yake ni shilingi 85,800, ilhali maziwa yake yalileta 84,000. Ng'ombe aliyesifiwa na majirani ameila nyumba shilingi 1,800, na katika siku 450 kati ya hizo 660 hakutoa hata kikombe kimoja. Ndama wake huenda akaliziba pengo hilo, lakini Mwekundu naye ana ndama, tena humleta mapema zaidi.

Ziko njia mbili fupi za kuikumbuka hesabu hii. Ya kwanza ni kugawanya lita zote kwa siku zote, za kukamwa na za kukauka. Mwekundu anatoka na lita 1.8 kwa siku, na Mweupe anatoka na lita 1.27 hivi. Ya pili ni kugawanya gharama ya siku kwa bei ya lita. Hapa ni 130 kwa 100, yaani lita 1.3. Mnyama ambaye wastani wake uko chini ya kiwango hicho hajilipii chakula chake kwa maziwa.

Daftari la kazi hii ni lile la mtoto wa shule, ukurasa mmoja kwa kila mnyama. Juu andika jina lake, alama yake, mama yake na tarehe aliyozaliwa. Chini yake weka sehemu tatu: maziwa, uzazi na uzito. Kama mama hana mazoea ya kuandika, mwana aliye shuleni aandike huku mama akisema.

Katika sehemu ya maziwa, si lazima kupima kila siku. Chagua siku moja ya juma na usiibadilishe. Pima asubuhi na jioni kwa chombo kimoja chenye alama za lita, jumlisha, kisha zidisha kwa saba. Siku ambayo ndama amekata kamba akanyonya kabla ya kukamwa usiiandike. Pima kesho yake. Maziwa yanayonywewa na watoto au kutiwa katika chai ya nyumba yaandikwe pia, kwa bei ileile ya sokoni. Nyumba isiyoyaandika humdhulumu ng'ombe wake, ikamwona hana faida kumbe ndiye anayewalea.

Sehemu ya uzazi ndiyo moyo wa daftari. Andika tarehe ng'ombe aliyopandwa na fahali aliyempanda. Kisha hesabu siku 21 mbele na uitie alama tarehe hiyo. Kati ya siku ya 18 na ya 24 mwangalie asubuhi na jioni. Akipanda wenzake, akisimama kupandwa au akitokwa na ute mwangavu unaovutika, basi mimba haikushika, na tarehe mpya iandikwe. Akitulia, tarajia kuzaa baada ya siku 283 hivi tangu kupandwa. Wanaohesabu kwa miezi ya Hijria wakumbuke kwamba hiyo ni miezi tisa na nusu, wala si tisa. Mbuzi ni siku 150, yaani miezi mitano ya mwandamo na siku mbili au tatu juu yake. Ngamia hubeba miezi 13 hivi na kwa kawaida huzaa kila baada ya miaka miwili au zaidi, basi asihukumiwe kwa kipimo cha ng'ombe.

Turudi kwa Mweupe. Ukitoa siku 283 katika zile 660, utaona kwamba alishika mimba siku ya 377 baada ya kuzaa. Mwenzake alishika siku ya 117. Kwa hiyo hasara ya Mweupe haikutoka kiweleni. Ilitoka katika miezi ile ambayo hakuna aliyeona kuwa amepandwa mara tatu na mara tatu mimba haikushika. Kila kupandwa kusikoshika na kusikoonekana ni siku 21 za chakula, nazo kwa bei zetu ni shilingi 2,730.

Je, auzwe? Kabla ya kumpeleka sokoni, linganisha ukurasa wake na kurasa za wenzake wa msimu uleule. Ikiwa ng'ombe mmoja tu ndiye anayerudi kutaka fahali ilhali wengine waliopandwa na fahali huyohuyo wameshika mimba, ila iko kwake. Mganga wa mifugo amtazame kwanza, kwani pengine ni ugonjwa wa kizazi unaotibika. Wakirudi wote, ila ni ya fahali, na kumwuza ng'ombe hakutasaidia kitu.

Na ikiwa zizi zima limechelewa, utazame mwaka wenyewe. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipita kaskazini mashariki bila kutimia, Gu na Deyr, mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe aliyekonda hasimami kwa fahali. Mwili wake huahirisha uzazi ili aishi. Aliyemwuza jike kwa sababu hakushika mimba mwaka kama huo huenda aliuza mnyama mwema kwa kosa la mbingu. Ila katika mwaka huohuo mbaya daftari huonyesha jambo la thamani, nalo ni jike ambaye kwa chakula kilekile alizaa mapema kuliko wenzake. Mtamba wake asiuzwe.

Iko alama moja isiyohitaji kungoja hesabu, nayo ni kutupa mimba. Andika tarehe, na umri wa mimba kwa kuhesabu tangu kupandwa. Ng'ombe akitupa mimba katika nusu ya mwisho, ugonjwa wa bruselosi ni miongoni mwa mambo ya kuogopwa. Ugonjwa huu upo katika mifugo ya kaskazini mashariki, nao humwambukiza binadamu kwa maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma au mimba iliyotoka. Mtu huwa na homa inayokwenda na kurudi na maumivu ya viungo. Chemsha maziwa yote, usiguse kwa mikono mitupu, na mwite mganga wa mifugo apime damu. Mnyama wa namna hiyo asiuzwe kwa jirani afuge. Hiyo ni kuficha ila katika biashara, na sote twajua hukumu yake. Na mbuzi na kondoo wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja baada ya mvua kubwa na mafuriko, toa habari siku hiyohiyo kwa ofisi ya mifugo, kwani ndivyo Homa ya Bonde la Ufa ijavyo. Garissa iliionja mwaka 1997 na 1998, ikaionja tena mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007, na watu walikufa.

Imebaki sehemu ya uzito. Kwa mbuzi wa kunenepesha kabla ya Idd, mizani ya kuning'iniza yatosha. Mpime alfajiri kabla ya kula na kunywa, kwa sababu tumbo lililojaa humdanganya mpimaji kwa kilo kadhaa. Rudia baada ya siku 30. Tuseme mbuzi hula shilingi 15 kwa siku, sawa na 450 kwa mwezi, na kilo moja ya mbuzi hai ni shilingi 250. Aliyeongeza kilo 3 ameleta 750. Aliyeongeza kilo 1 ameleta 250 na kula 450. Huyo wa pili apewe dawa ya minyoo, achunguzwe meno, apimwe tena baada ya majuma mawili. Asipopanda, auzwe mapema, maana kila siku anayongoja Idd anapunguza faida ya mwenzake.

Ndama naye apimwe. Ukosapo mizani kubwa, zungusha utepe wa mshonaji kifuani mwake, nyuma tu ya miguu ya mbele, na uandike kipimo kila mwezi. Ng'ombe wa kwetu hashushi maziwa mpaka ndama aguse chuchu, na huenda mwenye chombo kidogo ni yule anayemwachia mwanawe zaidi. Kifua cha ndama kikipanuka upesi, maziwa hayakupotea. Yamehamia katika mnyama utakayemwuza. Ndiyo maana sehemu tatu za daftari husomwa pamoja.

Basi anza na tarehe ya kuzaa ya kila jike aliye zizini leo, hata kama ni ya kukisia kwa mwezi wa Ramadhani au kwa mvua ya Gu. Atakapozaa tena utakuwa na hesabu yake ya kwanza kamili, na huenda jina utakaloliona chini ya orodha likawa lile ulilokuwa ukilitaja kwa fahari. Wabillahi tawfiq.