Itazidi, Itarudi: Dini Mbili za Dola

Januari 2024, dola moja ilipokuwa imefika shilingi 160, shangazi yangu wa Diani alikuwa na bahasha kabatini. Ndani yake mlikuwa na dola 2,000, malipo ya wageni waliokaa msimu wa Krismasi kwenye vijumba vyake viwili vya kupangisha. Nilimwuliza mbona habadilishi, na paa la kijumba kimoja linavuja. Akanitazama kama mtoto mdogo. "Mwanangu, mwaka jana nilibadilisha kwa 125, nikajuta. Hii inaenda 200. Nani mjinga auze sasa?"

Mwisho wa Machi dola ilikuwa 131 hivi. Bahasha ya shilingi 320,000 imekuwa ya 262,000, na masika ndiyo hayo yanabisha hodi.

Shemeji yangu, mwenye duka la vipuri vya bodaboda Ukunda, alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye ana dini yake. "Si nilisema? Maji yakijaa hupwa." Asichokisema ni kwamba amekuwa akiimba wimbo huo tangu mwanzo wa 2023, dola ilipokuwa 124 na yeye ana mzigo wa dola 5,000 wa kulipia Dubai. Alingoja ipungue. Ilipofika 140 akasema sasa ndiyo lazima ipungue. Desemba, rafu za duka zikiwa tupu, alilipa kwa 155. Hesabu yake ni nyepesi: 620,000 ziligeuka 775,000. Kwa hiyo huyo aliyekuwa akimcheka shangazi alikuwa amepoteza karibu mara tatu ya alichopoteza shangazi, ila yeye alipoteza polepole, na hasara ya polepole haina kelele.

Nimechoka na hawa wawili. Na nimechoka kwa sababu wako kila mahali: barazani, kwenye matatu ya Likoni, kwenye makundi ya simu ya vijana wanaonunua hisa na sarafu za mtandaoni. Bei ikiruka, nusu wanasema itazidi, nusu wanasema itarudi, na kila upande unaamini mwingine ni wajinga. Hakuna anayeuliza swali la pili: itazidi kwa sababu nani anasukuma? Itarudi kwa sababu nini kinavuta?

Hebu tuanze na msemo wa shemeji, maana ndio unaovaa kanzu ya hekima. Maji ya Diani yanapwa kweli. Lakini yanapwa kwa sababu kuna mwezi. Mvuvi wa Gazi hahitaji imani; anajua kinachovuta, na anajua saa. Bei nazo, zile zinazorudi, huwa na mwezi wao. Chukua tikiti maji. Mkulima wa Msambweni akiona bei imepanda, anapanda mbegu, na jirani yake, na jirani wa jirani. Kwa miezi mitatu hivi hakuna kinachobadilika, bei inaweza hata kuendelea kupanda. Halafu matikiti yote yanaingia sokoni wiki moja, na bei inaanguka mpaka mengine yanaachiwa mbuzi. Hapo "itarudi" ni ukweli wenye kamba na wenye saa. Sasa chukua miti ya mivinje, ile ya nguzo za kujengea. Kamba ni ileile, bei ikipanda watu wanapanda miti, lakini mti unataka miaka minne mitano kabla ya kuwa nguzo. Aliyesema bei ya nguzo itarudi hakukosea. Ila kama amekopa kwa miezi sita akitegemea irudi, atauziwa duka.

Dola haioti shambani. Kamba yake ni nini? Wachumi wanayo jibu moja: bei za bidhaa za nchi mbili. Shilingi ikishuka mno, Kenya inakuwa rahisi kwa mgeni, na vitu vya nje vinakuwa ghali kwetu, kwa hiyo wageni wanakuja na sisi tunanunua kidogo, na shilingi inavutwa juu. Kamba hiyo ipo, lakini ni legevu. Watafiti wanapoipima huona inachukua miaka, mitatu hadi mitano, kufuta nusu tu ya pengo. Na kuna jambo shemeji hataki kulisikia kabisa: huo wastani anaoungojea nao unatembea. Dola ilikuwa 103 hivi mwaka 2019. Tuseme, kwa mfano tu, bei za Kenya zinapanda asilimia tatu kwa mwaka zaidi ya zile za Marekani. Baada ya miaka sita, mahali pa "kurudi" si 103 tena, ni 123. Anayeisubiri 100 anangoja basi lililokwisha kuhamishiwa kituo kingine.

Haya, na shangazi je? Dini yake si ya kipuuzi pia. Dola ilipanda kwa karibu miaka miwili mfululizo, na kila aliyeuza mapema alijuta. Kulikuwa na sababu. Benki kuu ya Marekani ilikuwa inapandisha riba, fedha zinakimbilia huko. Juu ya hapo, serikali yetu ilikuwa na deni la Yurobondi la dola bilioni mbili, lililokopwa 2014, linaloiva Juni 2024, na dunia nzima ilikuwa inajiuliza litalipwa na nini. Kisha ikaja sehemu ninayotaka uishike, maana hapo ndipo mkumbo unapozaliwa. Mwagizaji, akiogopa, ananunua dola leo za mzigo wa miezi mitatu ijayo. Mwenye dola, akitarajia zaidi, hauzi. Wanunuzi wanaharakisha, wauzaji wanachelewesha, bei inapanda, na kupanda kwenyewe kunawapa wote sababu ya kufanya hivyo tena. Mwanzo wa 2023 mambo yalifika mahali benki zilikuwa zinauza dola kwa bei ya juu kuliko ile iliyotangazwa na Benki Kuu. Pengo kama hilo ndilo alama ya kutafuta: linakwambia bei inasukumwa na haraka, si na biashara ya kawaida.

Lakini tazama vizuri bahasha ya shangazi. Ni dola ambayo haijauzwa bado. Na kulikuwa na bahasha kama hizo kila mahali, kwenye makabati, kwenye akaunti za hoteli, kwenye makampuni makubwa. Kila bahasha iliyosaidia kupandisha bei ni muuzaji wa kesho. Mkumbo ukiwa wa kuficha mali, unajenga ghala, na ghala lazima siku moja lifunguliwe.

Lilifunguliwa Februari. Tarehe 6 Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, baada ya kuipandisha Desemba kutoka 10.5 hadi 12.5. Wiki iliyofuata serikali ikakopa dola bilioni 1.5 ng'ambo, kwa bei ya kuumiza, ili inunue sehemu kubwa ya lile deni kabla halijaiva. Na mwezi huohuo ikatoa bondi ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Iliomba shilingi bilioni 70, ikaletewa zaidi ya 280. Kuinunua ilibidi uwe na shilingi. Wageni wakauza dola. Halafu wenye bahasha wakaona bei inashuka, wakakimbilia kuuza, na kukimbia kwao kukaishusha zaidi. Ni mkumbo uleule, umegeuza uso tu. Uliopanda kwa miezi mingi ulianguka kwa wiki sita hivi.

Ndiyo maana sikubali shemeji ajisifu. Haikurudi kwa sababu "kilichopanda hushuka". Ilirudi kwa sababu hofu iliyokuwa inaisukuma ilikuwa na tarehe, na ile hofu iliondolewa kabla ya tarehe yake. Na haikurudi yote. Oktoba 2011 shilingi iliwahi kuanguka hadi 107 kwa dola. Benki Kuu ikapandisha riba hadi asilimia 18, na miezi michache baadaye dola ilikuwa 83 hivi, karibu na ilikoanzia. Wenye kumbukumbu hiyo walisema 2024 itakuwa vivyo hivyo. Safari hii ilisimama kwenye 129, ikaganda hapo. Shilingi ilipopata nguvu, Benki Kuu yenyewe ilikuwa inanunua dola kujaza akiba yake. Mnunuzi mkubwa amesimama mlangoni, wewe unangoja bei ishuke hadi 100?

Kuna kijana atasema, lakini utafiti upo. Upo, na unawapa haki wote wawili, ndiyo raha yake. Mwaka 1985 De Bondt na Thaler walionyesha kwamba hisa za Marekani zilizoanguka vibaya kwa miaka mitatu zilizishinda zile zilizopaa, katika miaka mitatu iliyofuata, kwa takriban asilimia 25. Mwaka 1993 Jegadeesh na Titman wakaonyesha kinyume: hisa zilizofanya vizuri kwa miezi sita ziliendelea kuzishinda zilizofanya vibaya kwa miezi sita mingine. Hakuna ugomvi. Saa ni tofauti. Miezi ni ya mkumbo, miaka ni ya kurudi. Na wote walipima vikapu vya hisa nyingi kwa pamoja, si hisa moja ya mjomba. Kwenye kikapu, iliyokufa inafidiwa na iliyofufuka. Aliyenunua Mumias peke yake kwa sababu "imeshuka sana, lazima irudi" aliiona ikiwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na hisa zikafungiwa zisiuzwe.

Kujua kinachosukuma hakukupi jibu, na sitaki mtu aniwekee maneno mdomoni. Januari ile serikali ingeweza kushindwa kukopa, na dola ingeweza kufika 200 kweli. Shangazi angekuwa ananicheka leo. Lakini angekuwa anajua habari ipi ya kusikiliza. Angesikia "serikali inanunua deni la Juni mapema" na kuelewa kwamba jambo hilo linagusa bahasha yake. Yeye alisikia, akadhani ni siasa za Nairobi.

Siku hizi mgeni akilipa, anabadilisha nusu wiki hiyohiyo, kwa sababu karo na fundi wa paa hulipwa kwa shilingi; nusu inabaki. Hana utabiri, na ukimwuliza dola inaenda wapi anakwambia chai inapoa. Shemeji bado anangoja 100. Juzi nilipita dukani kwake kutafuta cheni ya pikipiki. Akaniambia mzigo haujaagizwa, ngoja kidogo, itashuka.