Wacheni kugawana slaidi nusu kwa nusu

Ile ya "mimi nafanya slaidi tano za kwanza, wewe unamalizia" ndiyo inaua presentesheni zetu. Muhula uliopita mimi na mwenzangu tulipewa dakika kumi tueleze kwa nini nauli ya matatu hupanda mvua ikinyesha. Nikaongea tano, yeye amesimama kando kama soja wa geti. Zamu yake ikifika, darasa lote liko kwa simu.

Tuliporudia, tukaifanya mazungumzo. Lakini sikieni, swali feki ni baya zaidi. "Je, unaweza kutueleza sababu ya pili?" Hilo si swali, ni kichwa cha slaidi kimewekewa alama ya kuuliza. Safari hii akanibana vile abiria angenibana: "Jana nililipa hamsini, leo mia. Umbali si ni ule ule?" Nikajibu kwa nusu dakika: foleni inafanya gari lipige raundi chache, na stejini watu wamejaa. Halafu nikamgeuzia: "Na hiyo mia inaenda kwa nani?"

Maswali tuliyaandika kwa mpangilio. Majibu hatukukariri, maana mwenzako akiruka swali moja tu, nyote mmepotea.