Ukipandisha bei, anza na bei

Tunaouza programu hutuma barua za aina moja bei inapopanda: "Tunayo furaha kukuletea huduma bora zaidi..." Bei yenyewe iko aya ya nne. Mteja akiifikia, ameshajua kwamba ulikuwa unamzungusha.

Netflix walionja haya. Tarehe 12 Julai 2011 walitangaza kwamba huko Marekani filamu za mtandaoni na za DVD zitalipiwa kila moja kivyake. Tangazo lilisifu unafuu wa bei ya DVD, ilhali aliyekuwa akilipa dola 9.99 kwa vyote viwili sasa angelipa 15.98, yaani asilimia 60 zaidi. Kufikia mwisho wa Septemba walikuwa wamepungukiwa wateja kama 800,000 nchini humo. Pengine wengi wangeondoka hata kwa barua nzuri, lakini ile furaha iliwachoma zaidi.

Mtego wa pili ni sababu. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 123, na Januari 2024 ikafika kama 160. Sisi tunaolipia seva kwa dola tuliumia kweli. Lakini kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imerudi karibu 130. Kama uliandika "ni dola", mteja ana haki ya kuuliza mbona hujashusha. Kwa hivyo taja dola ikiwa tu uko tayari kushusha ikishuka. La sivyo, toa sababu ambayo haitageuka kesho.

Tuseme unauza programu ya stoku kwa wenye maduka. Mimi ningewaandikia hivi, siku 60 kabla:

"Kuanzia Machi 1 utalipa shilingi 1,800 kwa mwezi badala ya 1,500. Bei ya sasa imekaa miaka 3. Tangu hapo tumeajiri mtu wa pili wa kupokea simu zenu, na nyongeza hii ndiyo inayomlipa. Ukilipia mwaka mzima kabla ya Machi 1, utalipa bei ya zamani. Ukiamua kuacha, tutakupa rekodi zako zote bila malipo. Ukiwa na swali, nipigie."

Basi. Anayelipia mwaka anaokoa shilingi 3,600, nawe unapata 18,000 mkononi mapema. Usiongeze kwamba washindani wako ni ghali. Na tafadhali usiandike "ni shilingi 10 tu kwa siku". Hesabu ni sawa, lakini unampangia mtu pesa zake.

Majibu yatakuambia ulivyofanya. Wakiuliza "sasa ni ngapi?", ulificha bei. Wakibishana na sababu, basi sababu ni dhaifu, na kuieleza kwa barua ya pili ndefu kutaonekana kama kujitetea. Wengine wataondoka tu. Wape rekodi zao siku hiyo hiyo, maana mwenye duka jirani atawauliza walivyoachana nawe.

Nyinyi mnaonaje?