Mtoto Hakukataa Kiswahili, Hakuulizwa

Malalamiko haya tumeyasikia Riyadh, tumeyasikia Jeddah, na bila shaka nanyi mmeyasikia huko mliko: "Mtoto wetu Kiswahili anakielewa, ila hakisemi." Lawama hutupiwa Kiarabu cha mtaani, hutupiwa televisheni, hutupiwa skuli. Sisi tunasema lawama hiyo imepotea njia. Tujitazame kwanza tunavyokaa na watoto wa chekechea mbele ya picha.

Tuseme picha ni ya soko la mazulia, Suk al-Zal, pale Al-Dirah karibu na ngome ya Masmak. Mzee kashika dele, kikombe kimemponyoka, kahawa imemwagika juu ya zulia. Mwalimu anauliza: "Huyu ni mzee?" Ndiyo. "Ameshika dele?" Ndiyo. "Kahawa imemwagika?" Mtoto anatikisa kichwa. "Hodari!" Hodari wa nini? Kiswahili chote kimesemwa na mwalimu. Mtoto hata picha hakuhitaji kuitazama, maana sauti ya muulizaji imeshamwambia jibu. Mwenye shaka atie swali moja la uongo katikati, "Huyu ni ngamia?", aone ni wangapi watakaoitikia ndiyo kwa mazoea.

Wengine hujitetea kuwa wao huuliza "Hii nini?" Hilo ni afadhali, lakini huleta neno moja tu: dele. Basi. Na Kiswahili hakikai katika jina la kitu peke yake, kinakaa katika kitenzi. Kikombe kimeanguka, kahawa imemwagika, zulia limelowa, mzee ameshtuka. Viambishi hivyo vinne havijifunzi kwa kuitikia. Mtoto anayeshinda na Kiarabu kutwa amezoea kupambanua kiume na kike. Ki- na li- atazipata wapi kama hatujampa sababu ya kuzitamka?

Sababu hiyo ni swali lisilojibika kwa neno moja. "Kumetokea nini hapa?" Kisha tunyamaze. Tuhesabu kimoyomoyo mpaka tano, na hapo ndipo wengi wetu hushindwa. Tukifika mbili tumeshajibu wenyewe. Mtoto akisema, "Kikombe imeanguka," tusimkatize wala tusimwambie amekosea. Tumrudishie sentensi yake ikiwa imenyooka na kuongezwa kidogo: "Ehe, kikombe kimeanguka kwenye zulia. Sasa zulia limekuwaje?" Akijibu kwa Kiarabu, "Taah!", ni vilevile: "Ndiyo, kimeanguka. Kimeangukaje?" Maana amekwisha kuileta, tunampa maneno. Baadaye tuulize, "Mzee atafanya nini sasa?", na hapo itakuja ata-, wakati ujao, ambao haumo kwenye picha hata kidogo.

Haya hatukuyabuni sisi. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake, huko Marekani, walichapisha matokeo ya wazazi waliofundishwa kuwasomea watoto wadogo vitabu vya picha kwa maswali wazi na kuyapanua majibu yao. Baada ya mwezi mmoja tu watoto hao walikuwa mbele katika kujieleza kuliko wenzao waliosomewa kwa namna ya kawaida.

Picha nayo ichaguliwe. Tumeona kadi nzuri za nyumba za Balad, Jeddah, zenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Zinapendeza ukutani, lakini hakuna kinachotokea ndani yake, na mtoto atataja tu mlango, dirisha, nyumba. Mchoreeni paka juu ya roshani anayemnyemelea njiwa, mtaona kitenzi kitakavyokuja.

Tusidanganyane pia kwamba "kwa nini" ni ufunguo wa kila mlango. Mtoto wa miaka mitatu ukimrushia "Kwa nini mzee ameangusha kikombe?" atabaki kukukodolea macho. Aanze na kinachoonekana, sababu ije baadaye. Na yule mgeni ambaye bado hajafungua kinywa, huyo apewe maneno mawili achague: "Mzee amekaa au amesimama?" Asiyeweza hata hilo na aonyeshe kwa kidole. Ndiyo na hapana zina kazi hapo, kwa wiki chache, siyo kwa mwaka mzima.

Tunajua litakalosemwa: darasa lina watoto ishirini, muda wa kungojana hakuna. Kweli, maswali haya hayafai kwa watoto ishirini kwa pamoja. Watajibu wawili wenye sauti na wengine wataitikia nyuma yao, tumerudi palepale. Wakae wanne wanne, picha moja, dakika kumi, wengine wakichora pembeni. Na picha ileile irudiwe siku tatu. Siku ya kwanza watataja vitu, na kwa kawaida ni siku ya tatu ndipo mmoja atakapoanza, bila kuulizwa, kueleza nani atakayelifua lile zulia.