Piga Simu ya Kawaida, Usipige ya WhatsApp

Kila wiki tunapokea malalamiko kutoka kwa wateja waliotumia "rafiki" pesa, na baadaye wakagundua rafiki mwenyewe hakuwa na habari. Tukiwauliza kama walipiga simu kwanza kuhakikisha, wengi hutujibu kwa uchungu: "Nilipiga!" Na ni kweli, walipiga. Shida ni kwamba walipiga kupitia WhatsApp, yaani walimpigia mwizi.

Hebu tuchukue kisa cha mteja wetu mmoja wa Membley, pale Ruiru. Yeye ni katibu wa chama cha akina mama. Siku moja ya Jumanne, kitu saa kumi na moja jioni, alipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mweka hazina wao. Picha ilikuwa ya mweka hazina, namba yake, na hata ujumbe wao wa asubuhi kuhusu hema la harusi ulikuwa hapo juu. Ujumbe ulisema hivi: "Mpendwa, niko na dharura. Laini yangu imefika kikomo cha leo. Nitumie 18,500 kwa hii namba ya wakala, nitakurudishia kesho asubuhi."

Katibu si mjinga. Alishuku, akabonyeza alama ya simu iliyo juu ya mazungumzo hayohayo. Simu ikalia mara mbili ikakatwa. Ujumbe ukafuata: "Niko kwa mkutano, siwezi kuongea, andika tu." Alipoingiza namba kwa simu, jina la mwanamume asiyemjua likajitokeza. Lakini si aliambiwa ni ya wakala? Akaweka namba ya siri, pesa ikaenda.

Wakati huo wote mweka hazina alikuwa Ruiru mjini kwa fundi wa simu. Tangu saa nane mchana WhatsApp ilikuwa imemtoa nje, akadhani simu imeharibika. Laini yake ilikuwa hewani, kredo ipo, na hata mumewe alimpigia wakaongea. Katibu angempigia kwa simu ya kawaida, angeshika papo hapo.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa hivyo tuseme polepole. Akaunti ya WhatsApp na laini ya simu ni vitu viwili tofauti. Akaunti hufunguliwa kwa namba yako, lakini ikishathibitishwa mara moja kwa namba ya tarakimu 6 inayokuja kwa SMS, inaweza kukaa kwenye simu yoyote duniani. Mwizi akipata zile tarakimu 6, anachukua akaunti, na kila simu ya WhatsApp unayopiga inalia kwake. Laini inabaki kwa mwenyewe. Ndiyo maana tunasema toka kabisa kwenye WhatsApp, fungua sehemu ya kupigia simu, tafuta jina la mtu huyo kwenye orodha yako ya namba, upige kwa mtandao wa kawaida. Inakula shilingi chache tu za kredo.

Mweka hazina alipotezaje zile tarakimu? Alikuwa anamtafutia kijana wake kazi. Kwenye grupu ya mtaa, ile ya mambo ya maji na takataka, jirani aliweka tangazo: vijana wa ghala wanahitajika, jisajili leo, nafasi ni chache. Chini yake kulikuwa na linki ya namna hii (mwisho wake tumeubadilisha):

```
https://ajira.go.ke.example.com/usajili
```

Jicho linaona "ajira" na "go.ke" na kutulia. Lakini linki husomwa kutoka mwisho. Ukishapita zile alama mbili // za mwanzoni, tafuta mkwaju wa kwanza, kisha rudi nyuma kushoto. Kilichoshikana na huo mkwaju ndicho mwenye tovuti. Hapa ni `example.com`, na hayo mengine yote ya mbele ni mapambo, mtu yeyote anaweza kuyaandika. Linganisha na `psckjobs.go.ke`, tovuti ya Tume ya Utumishi wa Umma: pale `go.ke` ndiyo inayomalizia, na mwisho huo hautolewi kwa mtu binafsi. Linki fupi zinazoficha anwani huwezi kuzisoma hivyo. Hizo ziache, utafute tovuti ya kampuni mwenyewe.

Ukurasa ule ulimwomba namba ya simu, kisha "namba ya usajili ya tarakimu 6 tuliyokutumia". SMS ikaingia kweli. Ilikuwa imeandikwa WhatsApp, na imesema asimpe mtu namba hiyo. Nani husoma SMS yote akiwa na haraka ya kazi? Akaijaza. Na yule jirani aliyeweka tangazo? Kumbe akaunti yake ilikuwa imetekwa siku moja kabla, kwa njia hiyohiyo.

Kwa tangazo la kazi, simu ya kuhakikisha haipigwi kwa namba iliyo ndani ya tangazo, maana hiyo ni ya mwenye tangazo. Tafuta namba ya kampuni kwingine, au kama kiwanda kiko hapo Ruiru au Thika, nenda umuulize soja wa geti. Atakwambia kama wanaandika watu.

Tuseme na letu pia. Jina linalojitokeza kabla ya kutuma pesa linakuonyesha laini imesajiliwa kwa nani. Haliwezi kukwambia kama hadithi uliyopewa ni ya kweli, na wezi wanajua hivyo, ndiyo maana hukuandaa mapema: "litakuja jina la wakala." Katibu alipotupigia saa tatu usiku, pesa ilikuwa imeshatolewa. Ikishatolewa, hakuna salio la kurudisha. Na ule uongo wa kikomo ungeweza kumshtua: kikomo cha siku hapa Kenya ni shilingi 500,000. Nani kwenye chama chao hutuma hizo Jumanne?

Simu ya kawaida nayo ina mpaka wake. Kama mwizi amebadilisha laini yenyewe, simu itamfikia yeye. Lakini hapo utasikia sauti usiyoijua, na mwenye laini ataona simu yake imekosa mtandao ghafla. Asiposhika mtu, usitume. Mpigie mume, dada, au jirani wake.

Ukitolewa nje ya WhatsApp, ingia upya kwa namba yako mara moja. Ukijaza tarakimu 6 mpya, mwizi anatolewa. Akiwa ameweka PIN yake, utangoja siku 7 kabla ya kuingia bila hiyo PIN, lakini yeye naye hayumo tena. Wakati huo watumie watu SMS kuwaonya. Ukirudi ndani, weka PIN yako kwenye `Settings`, `Account`, `Two-step verification`, na uangalie `Linked devices` kama kuna kifaa usichokijua. Wizi wenyewe unaweza kuripoti kwa DCI bila malipo, 0800 722 203.

Kile chama cha Membley sasa kina sheria: pesa yoyote zaidi ya 2,000 haitoki kabla ya kusikia sauti. Mweka hazina analalamika kwamba anapigiwa hata akiwa anaoga.